Kutoka Ubao wa Sheha hadi Redioni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa makatibu wa kamati, masheha na watangazaji wa redio za jamii Unguja na Pemba, wanaoletewa tangazo la karatasi na kutakiwa kulisoma hewani. Tumechukua tangazo moja na kwenda nalo kutoka mwanzo hadi mwisho: kufunguliwa kwa mwamba uliofungwa kwa ajili ya pweza. Tangazo lenyewe ni la kubuni, ingawa shehia zilizotajwa zipo. Tumelichagua kwa sababu lina tarehe, saa, mipaka na makatazo, na mtu akisikia vibaya jambo moja tu kati ya hayo atafika pwani mapema kuliko wenziwe au atakuta kazi imekwisha.

Kwani karatasi yenyewe haiwezi kusomwa kama ilivyo?

Jaribu. Hii hapa, kama ingebandikwa ubaoni:

*"TANGAZO KWA UMMA. Kwa kuzingatia makubaliano yaliyofikiwa katika mkutano mkuu wa wanakijiji, wavuvi wote wa Shehia za Kisiwa Panza na Chokocho (pamoja na wageni wanaoishi katika madago) wanaarifiwa kuwa eneo la mwamba lililofungwa kwa kipindi cha miezi mitatu kwa ajili ya uhifadhi wa pweza litafunguliwa rasmi siku ya Jumamosi tarehe 26/9 kuanzia saa 09:30 hadi 13:00, na kwamba hairuhusiwi kwa mtu yeyote kuingia kabla ya muda uliotajwa, kuvua pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500 na/au kutumia zana zilizokatazwa kisheria. Aidha, pweza wote watapimwa dikoni kabla ya kuuzwa. Kwa maelezo zaidi wasiliana na Katibu kwa nambari iliyo hapo chini."*

Ukutani halina kasoro kubwa. Msomaji akikwama anarudi juu, akitaka saa anaitafuta kwa kidole. Msikilizaji hana pa kurudi. Hapo kuna sentensi moja inayobeba karibu tangazo zima, na neno "litafunguliwa" limekaa mbali na "eneo" lake, katikati yake pamepita miezi mitatu na uhifadhi. Mpaka msomaji afike kwenye Jumamosi, aliyekuwa akiparura samaki jikoni ameshaacha kusikiliza, kwa sababu maneno yote ya mwanzo hayakumwambia kitu cha kufanya.

Nianzie wapi?

Anza kwa kuliuliza tangazo maswali, kabla hujagusa sentensi hata moja. Chukua karatasi tupu na uandike: nani anahusika, kuna nini, siku gani, saa ngapi, wapi, afanye nini, asifanye nini, aulize wapi. Jaza kwa maneno mawili matatu kila mstari. Penye pengo, mpigie aliyeleta tangazo.

Karibu kila mara pengo lipo. Katika mfano wetu yapo matatu. La kwanza, "09:30 hadi 13:00" ni muda wa nini? Je, saa 13:00 mwamba unafungwa tena, au ni mwisho wa shughuli za siku ile tu? La pili, "zana zilizokatazwa kisheria" ni zipi? Anayezijua hahitaji kuambiwa, na asiyezijua hakuambiwa. La tatu, shehia ni mbili, basi pweza watapimwa diko lipi?

Tuseme kamati imejibu hivi: saa 13:00 ni mwisho wa kuvua kwa siku ya kwanza tu, ili upimaji uishe mchana, na kuanzia Jumapili watu wavue kama kawaida. Zana wanazozikusudia ni bunduki za kupigia samaki na utupa. Na kila mmoja atapima diko la kwao. Majibu haya hayamo kwenye karatasi, lakini bila ya hayo hakuna tangazo la kusoma. Usiyajaze kwa kukisia hata kama unaijua pwani ile vizuri. Tangazo ni la kamati, na ukikosea wao ndio watakaoulizwa.

Saa za kwenye karatasi nizisomeje?

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Karatasi ikiandikwa kwa kompyuta, saa huandikwa kwa mtindo wa simu: 09:30, 13:00. Mtangazaji anayesoma kwa haraka anaona tisa na thelathini, ulimi unatamka "saa tisa na nusu". Saa tisa na nusu ya kwetu ni alasiri. Aliyeandika alikusudia saa tatu na nusu asubuhi. Kosa hili halishtui sikio, kwa sababu saa tisa na nusu nayo ni saa ya kawaida ya watu kukutana.

Saa ikiwa na 13 kwenda juu haina shida, kwani hakuna anayesema saa kumi na tatu. Ipunguzie 6, na kuanzia 19 ipunguzie 18. Hivyo 13:00 ni saa saba mchana. Wasiwasi uko kwenye 01 hadi 12, ambapo mwandishi mmoja huandika "saa 3:30" akikusudia asubuhi ya Kiswahili na mwengine huandika "09:30" kwa saa hiyo hiyo. Dalili ya kwanza ni sufuri ya mbele: anayeandika 09:30 mara nyingi anafuata saa ya simu. Dalili hiyo haitoshi. Tafuta kitu cha nje cha kuipima saa.

Kwa tangazo la bahari, kipimo ni maji. Tarehe tuliyopewa tuichukulie kuwa ni ya mwezi mpevu, yaani bamvua. Katika pwani zetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne za asubuhi au karibu na hapo, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kuchokoa pweza kwa miguu kunataka maji ya kupwa. Basi saa tatu na nusu asubuhi inaingia akilini, watu wanashuka maji yakiwa yanatoka. Saa tisa na nusu mwamba uko chini ya maji. Kwa mkutano, pima kwa sala: mkutano wa "saa 10:00" ni wa saa nne asubuhi au ni baada ya Alasiri? Ukiona huna kipimo, piga simu.

Ukishajua, iandike kwa maneno na uitie wakati wake: *saa tatu na nusu asubuhi*. Usibakishe tarakimu kwenye karatasi ya kusoma, hata pembeni. Jicho la msomaji hukimbilia tarakimu.

Na usiku je? Tumeandikiwa "usiku wa Ijumaa".

Rudisha karatasi ikasahihishwe. Kwa wengi wetu siku huingia kwa Magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee ni ule wa baada ya Alkhamis kuchwa. Kwa karani wa ofisini, anayehesabu kuanzia saa sita za usiku, ni Ijumaa jioni. Hao wawili wanapishana kwa siku nzima na kila mmoja yuko sawa kwa hesabu yake.

Njia salama ni "usiku wa kuamkia Jumamosi". Haimpotezi yeyote. Na kama jambo linapita saa sita za usiku, taja ncha zote mbili: "kuanzia Ijumaa baada ya Isha, hadi Jumamosi alfajiri".

Sentensi iwe ndefu kiasi gani?

Iishe kwa pumzi moja, na pumzi ibaki. Kwa Kiswahili hiyo ni kama maneno kumi, kumi na mawili ukizidisha. Maneno yetu ni marefu, "wanaarifiwa" peke yake ni silabi sita, kwa hiyo usijipime kwa hesabu za lugha nyengine. Kila sentensi ibebe habari moja. Siku ni sentensi. Saa ni sentensi.

Mara nyingi dawa si kukata sentensi ndefu vipande, kwa sababu ukikata tu unapata vipande vya lugha ya ofisini vilivyofupishwa. Funika karatasi kwa mkono, mtazame mtu aliye mbele yako, umwambie jambo lile. Utajikuta unasema: "Mwamba unafunguliwa Jumamosi." Hakuna mtu anayemwambia jirani yake kwamba anaarifiwa kuwa eneo litafunguliwa rasmi. Andika ulichokisema kwanza, kabla hujakirekebisha.

Zipo alama za kukuonyesha kuwa bado unaandika kwa ajili ya jicho: "aidha", "kwamba", "tajwa", "hapo juu", "hapo chini", "na/au", na mabano. Mabano hayasikiki kabisa. Wageni wa dago waliotiwa ndani ya mabano watasikika kama nyongeza isiyowahusu, na huenda hao ndio kamati iliokuwa ikiwakusudia zaidi. Wape sentensi yao.

Viwakilishi kama "hilo", "huo", "wake" vina ubaya gani?

Vikifuatana na jina lake mara moja, havina. Vikichelewa sentensi mbili, msikilizaji aliyeingia katikati hajui "huo" ni mwamba au ni mkutano, kwani vyote viwili ni vya ngeli moja. Rejea jina. Kwenye insha mwalimu angekukata alama kwa kusema "mwamba" mara nne. Redioni ndivyo inavyotakiwa.

Kwa nini mnasisitiza kuhusu makatazo?

Kwa sababu ukanushi wa Kiswahili umekaa kwenye silabi moja fupi mwanzoni mwa neno. *Itaruhusiwa, haitaruhusiwa.* Tofauti ni "ha". Redio iko juu ya dirisha, upepo wa kusi unavuma, mtoto analia, ile "ha" imekwenda. Aliyebaki amesikia ruhusa.

Basi usitegemee silabi. Tumia neno zima lenye uzito wa katazo, kama "marufuku", kisha mwambie mtu afanye nini badala yake. "Hairuhusiwi kuingia kabla ya muda" inakuwa: *Kabla ya hapo, mwambani ni marufuku. Subirini pwani.* Hata sentensi ya kwanza ikimpita, ya pili inamshika.

Vile vile, jihadhari na "isipokuwa" inayokuja mwisho. "Wavuvi wote wanaruhusiwa kuingia, isipokuwa wenye bunduki." Mwenye bunduki ameshasikia "wote wanaruhusiwa" na ameshanyanyuka. Katazo liwe na sentensi yake, peke yake.

Tangazo letu linakuwaje baada ya yote hayo?

Hivi. Mkwaju mmoja ( / ) ni kituo kifupi, miwili ( // ) ni pumzi.

Asalamu alaykum.
Tangazo kwa wavuvi wa pweza, / Kisiwa Panza na Chokocho. //
Mwamba uliofungwa / unafunguliwa Jumamosi. //
Ni Jumamosi hii, / tarehe ishirini na sita, Septemba. //
Saa tatu na nusu asubuhi, / maji yakipwa. //
Kabla ya hapo, mwambani ni marufuku. / Subirini pwani. //
Siku hiyo, / mwisho wa kuvua ni saa saba mchana. //
Tangazo hili linawahusu wanaochokoa kwa miguu / na wanaopiga mbizi. //
Na wageni mlioko madagoni, / linakuhusuni pia. //
Pweza asiyefika nusu kilo, / mwacheni. //
Bunduki za kupigia samaki, na utupa, / marufuku. //
Pweza wote wapimwe dikoni kwanza, / ndipo wauzwe. //
Kila mmoja apime diko la kwao. //
Mwenye swali amuone katibu wa Kamati ya Wavuvi, / au sheha wake. //
Narudia. / Mwamba wa pweza unafunguliwa Jumamosi, / saa tatu na nusu asubuhi. //
Tangazo hili limetolewa na Kamati ya Wavuvi.

Ni maneno yasiyofika 120. Kwa mwendo wa utulivu ni dakika moja hivi.

Tazama vilivyotoka. Mkutano mkuu wa wanakijiji umekwenda, kwa sababu kila mvuvi anaujua na haumbadilishii chochote Jumamosi. "Uhifadhi" nao umekwenda, pamoja na ile miezi mitatu. Wapo makatibu watakaosikitika, na wakisisitiza, tia sentensi moja mwishoni, kabla ya jina la kamati: *Asanteni kwa kusubiri miezi mitatu.* Usiiweke mwanzoni. Gramu 500 zimekuwa nusu kilo, kwani ndivyo mizani ya dikoni inavyotajwa. Na "maji yakipwa" haikuwemo kwenye karatasi. Tumeiongeza kwa makusudi, baada ya kuiuliza kamati, ili asiyeisikia saa vizuri ajue ni maji gani. Wanaochokoa kwa miguu na wanaopiga mbizi nao tumewataja baada ya kuiuliza kamati, badala ya "wavuvi wote" ya kwenye karatasi.

Kwa nini jina la kamati limekuja mwisho? Viongozi wetu wanataka litangulie.

Sentensi ya kwanza ni ya kumwita anayehusika. Mchokoaji pweza akisikia "wavuvi wa pweza, Kisiwa Panza" anaongeza sauti ya redio. Akisikia jina refu la kamati na cheo cha katibu, anaendelea na kazi yake. Sentensi hiyo ya mwito isibebe jambo zito, kwa sababu maneno mawili matatu ya mwanzo hupotea wakati mtu anageuza shingo.

Iko hali moja ambayo jina hutangulia: pale ambapo mtoa tangazo ndiye anayelipa nguvu, kama tahadhari ya hali ya bahari kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hapo mtu anataka kujua mapema kama ni uvumi au ni habari ya kweli.

Majina ya mahali yana mitego?

Yanayo, na Pemba ina miwili mizuri katika wilaya moja. "Mkoani" ni mji na ni wilaya, lakini "mkoani" pia ni ofisi za mkoa. Kwenye karatasi herufi kubwa inatofautisha. Hewani, "fomu zipelekwe mkoani" inaweza kumpeleka mtu Chake kwenye ofisi ya mkoa au kumpeleka bandarini. Sema "mjini Mkoani" au "ofisi ya Mkuu wa Mkoa".

Wa pili ni Mwambe. Ukisoma "mwamba wa Mwambe" kwa haraka, kilichobaki hewani ni neno moja lililorudiwa. Tenganisha: "shehia ya Mwambe" katika sentensi moja, na mwamba katika nyengine. Mfano wetu umenusurika kwa kuwa Mwambe haimo, ila mtangazaji wa Wilaya ya Mkoani atakutana nayo.

Shehia zikizidi nne, usizisome kwa mkupuo. Zipange kwa njia ambayo mtu angezipita barabarani, na uzikate mbili mbili kwa kituo. Orodha iliyopangwa kwa alfabeti haimsaidii anayesikiliza.

Nambari ya simu nisomeje?

Kama inawezekana, usiisome. Msikilizaji hana kalamu mkononi, na tarakimu kumi hazikai kichwani kwa usikivu mmoja. Mpeleke kwa mtu anayemjua: sheha, katibu, bwana diko. Ndivyo tulivyofanya juu.

Kama lazima, itoe mwisho kabisa, tahadharisha kwanza ("chukua nambari ya simu"), nyamaza sekunde tatu, kisha isome kwa mafungu ya nne, tatu, tatu, tarakimu moja moja, na uirudie kwa mafungu yale yale. Ukiigawa vyengine mara ya pili, masikio yanasikia nambari mbili. Usiseme "sabini na saba" kwa 77. Sema "saba, saba".

"Kesho" au jina la siku?

Jina la siku, daima. Tangazo hurekodiwa Alkhamis na kupigwa mpaka Jumamosi asubuhi. "Kesho" iliyo sahihi Ijumaa ni uongo Jumamosi, na hakuna aliyekaa studio kuibadilisha. "Jumamosi hii" inafaa tu ikiwa tangazo halitapigwa kabla ya wiki ile kuanza. Likianza kupigwa mapema zaidi, ondoa "hii" na uiache tarehe ifanye kazi. "Jumamosi ijayo" iepuke kabisa, kwani watu hawajakubaliana ni ipi.

Ukiwa na nafasi, tengeneza toleo la pili la siku yenyewe, litakalopigwa baada ya Alfajiri: *Ni leo. Mwamba wa pweza unafunguliwa leo, saa tatu na nusu asubuhi.* Andika juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu, "Jumamosi asubuhi tu". Toleo hilo likipotea na kupigwa Ijumaa, mwamba utavamiwa siku moja kabla.

Niandike kwa Kipemba au kwa Kiswahili sanifu?

Sarufi ya sanifu, msamiati wa pale pale. Diko, dago, bamvua, kuchokoa, utupa: hayo ndiyo maneno ya kazi, na ukiyabadilisha kuwa "kituo cha kupokelea samaki" umempoteza mwenye pweza. Lahaja ya mazungumzo mwachie msomaji. Kama ni mtu wa pale itamtoka yenyewe, na kama si wa pale atasikika anaigiza, watu watacheka sauti badala ya kusikia saa.

Karatasi ya studio iandaliwe vipi?

Herufi kubwa kiasi, ukubwa wa 14 au 16. Mstari mmoja, sentensi moja, na nafasi kati ya mistari. Upande mmoja wa karatasi tu, na sentensi isikatwe ikahamia ukurasa wa pili. Usitumie herufi kubwa tupu kwa tangazo zima: jicho halipati umbo la neno na msomaji huanza kukokota. Neno la kukazia pigia mstari, na liwe moja kwa sentensi. Jina geni kwa msomaji likatie silabi: *Cho-ko-cho*.

Nitajuaje kama limekaa sawa?

Kwa majaribio mawili. La kwanza, mpe mtu mwengine alisome kwa sauti bila ya kulipitia. Usimsahihishe. Weka alama pale anapojikwaa au anaporudia. Pale hapana kosa la msomaji, pana kosa la sentensi. Mara nyingi utakuta ni konsonanti zilizogongana, au "ambayo" iliyojificha, au sentensi isiyojulikana inaishia wapi.

La pili ni zito zaidi. Tafuta mtu asiyeijua habari ile, mkae chumba chenye kelele kidogo, asikilize mara moja tu, kisha muulize: siku gani, saa ngapi, ufanye nini ukifika mapema? Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Akisema "saa tatu", bila ya nusu, rudi kwenye ule mstari. Pengine "na nusu" imemezwa kwa kuwa "asubuhi" imeifuata kwa kasi. Tia kituo kidogo: *saa tatu na nusu, / asubuhi*.

Pima na muda pia. Mwendo mzuri wa tangazo ni maneno 100 hadi 120 kwa dakika, polepole kuliko habari. Ukipewa nusu dakika na maandishi yako ni ya dakika nzima, usimwambie msomaji akimbie. Punguza habari. Kwa mfano wetu, toleo la nusu dakika linabaki na mwito, siku, saa, katazo la kuingia mapema, nusu kilo, dikoni, na marudio. Wapiga mbizi, madago na zana yabaki kwenye toleo refu na kwenye karatasi ya ubaoni.

Tangazo hilo hilo laweza kutumika kwenye gari la matangazo au kipaza sauti cha msikiti?

Kwa gari, fupisha zaidi. Gari linapita, kila nyumba inasikia sekunde chache. Sentensi tatu zinazojirudia zinatosha: nani, siku na saa, marufuku kabla ya hapo. Kwa kipaza sauti, sauti inarudi kutoka kwenye kuta, kwa hiyo refusha vituo na usianze sentensi mpaka mwangwi ufe.

Jambo likiahirishwa?

Tuseme upepo umekuwa mkali na kamati imesogeza mpaka Jumapili. Kosa la kawaida ni kuanza na habari ya zamani: "Lile tangazo la kufunguliwa mwamba Jumamosi saa tatu na nusu..." Aliyepita njiani amesikia Jumamosi, saa tatu na nusu, akaendelea.

Anza na mabadiliko, taja siku ya zamani mara moja tu na useme imefutwa, kisha rudia mpya. Maji nayo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, basi kamati iulizwe kama saa imebaki ile ile. Ikiwa wamesema saa nne na robo:

Wavuvi wa pweza, / Kisiwa Panza na Chokocho. / Siku imebadilika. //
Jumamosi imefutwa. //
Mwamba utafunguliwa Jumapili. //
Jumapili, / saa nne na robo asubuhi. //
Sababu ni upepo. //
Narudia. / Ni Jumapili, / saa nne na robo asubuhi. //

Kabla hili halijapigwa hata mara moja, hakikisha fundi mitambo ameliondoa la zamani kwenye orodha ya matangazo ya siku, pamoja na lile toleo la Jumamosi asubuhi lenye kalamu nyekundu.